Hamsini na Sita

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa kanzu katika kijiji cha Ozi. Mwanawe, mjomba wangu, aliurithi ufundi huo pamoja na cherehani ya miguu aina ya Singa, mkasi mzito wa chuma na sanduku la bati lililojaa madaftari. Babu alifariki Novemba 1997, mvua za El Nino zikiwa zimeanza kuifunika nchi. Mjomba aliendelea kushona mpaka uzi ukawa mgumu kuingia sindanoni. Haya ninayoyaandika yalimpata mwaka 2018, naye keshavuka miaka sabini. Mengi niliyaona mwenyewe, kwa sababu wakati huo nilikuwa nafanya kazi Garsen na kila nilipopata nafasi nilikuwa nashuka Ozi kumjulia hali.

Ozi iko ukingoni mwa Mto Tana, juu kidogo ya Kipini, pale mto unapokaribia kuingia baharini. Wenyeji wake ni Wapokomo, Waislamu, wakulima wa mpunga. Mpunga wao ulitegemea bahari kwa namna ambayo mgeni haiamini mpaka aione. Maji ya bahari yakijaa huusukuma mto urudi nyuma, na yale maji matamu ya mto, kwa kukosa pa kwenda, hupanda mashambani kupitia vifereji. Kwa hiyo mkulima wa Ozi alihesabu mwezi kama mvuvi: bamvu ya mwezi mwandamo na bamvu ya mwezi mpevu ndizo zilizomnyweshea shamba. Lakini mto huu haujatulia. Katika karne ya 19, zama za masultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto wa Ozi, na baadaye maji yenyewe yakaupanua. Katika miaka yetu mkondo umehamahama tena, maji matamu yakapungua nguvu, na chumvi ikapanda mpaka kwenye majaruba na mashina ya miembe. Watu wakaanza kuondoka, wengine Kipini, wengine Witu, Malindi, Mombasa. Nalitaja hili mapema kwa sababu wateja wa babu walitawanyika hivyo hivyo, na kumtafuta mtu aliyetawanywa na mto ni kazi.

Masika ya 2018 mafuriko yaliingia tena. Mjomba alilala wiki kadhaa kwenye nyumba ya jamaa iliyoinuka kidogo, na sanduku la bati likatungikwa kwenye boriti. Hapo ndipo alipoanza kuisikia sauti.

Alinieleza tukiwa tumekaa barazani baada ya alasiri. Alisema katika usingizi haoni kitu, wala uso, wala nyumba, wala mtu. Ni sauti tu ya baba yake, karibu na sikio la kulia, ikisema, "Hamsini na sita." Inasema mara moja, kwa utulivu, kisha yeye huamka. Hakuogopa. Kilichomtaabisha ni kwamba sauti ilikuwa kama inangoja jambo. "Ni kama mtu amekutuma," aliniambia, "na amesimama pale pale akingoja urudi."

Mtu akiota namba, kila jirani anayo tafsiri. Mmoja alimwambia ni mwaka 1956, akumbuke baba yake alifanya nini mwaka ule, labda kuna shamba. Mjomba alikwenda kwa wazee, wakakumbuka njaa na mafuriko ya zama mbalimbali, lakini hakuna shamba. Kijana mmoja alitaka kuitumia namba hiyo kuchezea kamari kwenye simu, akafukuzwa barazani. Mkaza mjomba, ambaye ndiye mwenye akili ya utulivu katika nyumba ile, alisema sura ya 56 katika Kurani ni Al-Waaqia. Huenda mzee anaomba asomewe. Hilo lilimwingia mjomba. Akaanza kuisoma Al-Waaqia kila usiku baada ya isha na kumrehemu baba yake. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, na sauti ikaendelea kuja vile vile, na namba ile ile.

Hatimaye alimwendea maalim wa chuo. Maalim hakumpa tafsiri. Alimkumbusha Hadithi ambayo wanachuoni wanaijua kupitia Ibn Sirin wa Basra, kwamba ndoto ni za namna tatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Ibn Sirin huyu, aliyefariki mwaka 110 Hijria, jina lake limebandikwa kwenye vitabu vingi vya ndoto vinavyouzwa mitaani, lakini mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na aliwahi kufungwa kwa sababu ya deni. Maalim alilitaja hilo kwa kusudi, nadhani, maana mbele yake alikuwa amekaa mtu wa nguo.

Kisha akamsimulia kisa cha Thabit bin Qays. Huyu alikuwa sahaba, msemaji wa Answar, akauawa katika vita vya Yamama zama za ukhalifa wa Abubakar. Mtu mmoja alipita akaichukua deraya yake. Baadaye Thabit alimjia mtu mwingine ndotoni na kumwambia deraya iko kwa fulani, hema lake liko mwisho wa kambi, kuna farasi amefungwa karibu, na deraya imefunikwa kwa chungu. Akamwambia pia amfikishie Abubakar kwamba anadaiwa kiasi kadhaa. Khalid bin al-Walid alituma watu, wakaikuta deraya pale pale palipoelezwa, na Abubakar akautekeleza wasia ule.

"Usiangalie ndoto," maalim alimwambia. "Angalia kwamba walikwenda kwenye hema wakafunua chungu. Kama deraya haikuwepo, ingekuwa ndoto tu. Na wewe kama baba yako ana neno, utalikuta mahali linaposhikika kwa mkono."

Maneno haya, kwa maoni yangu, ndiyo yaliyomwokoa mjomba asipotee. Katika sheria ya Kiislamu ndoto si ushahidi. Kadhi hawezi kumtoza mtu mali kwa ndoto ya mwenzake, hata mwotaji awe mcha Mungu kiasi gani. Kinachoruhusiwa ni kuinuka na kutafuta.

Siku moja sauti iliongeza. Ilisema, "Hamsini na sita. Kumi na nane. Ishirini na nne." Mjomba alikaa kitandani akacheka, kisha akalia. Alizijua zile namba kabla hajafumbua macho vizuri.

Nieleze kwa wasioshona. Kanzu hupimwa kwa inchi mpaka leo, hata zile zinazoletwa zikiwa zimeshonwa tayari kutoka Arabuni huandikwa 54, 56, 58 nyuma ya shingo. Namba hiyo ni urefu kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu. Fundi hupima urefu kwanza, kisha bega hadi bega, kisha mkono, kisha kifua, mwisho shingo. Babu hakuwahi kuubadili mpangilio huo. Yeye alishika futi ya kitambaa, akatamka, na mjomba, akiwa mtoto, alikaa chini na daftari akaandika. Kwa miaka mingi sauti aliyoisikia sana kutoka kwa baba yake haikuwa ya kumkanya wala kumsifu, ilikuwa ya kutamka vipimo. Basi kwa nini hakuitambua mapema? Kwa sababu urefu peke yake hausemi kitu. Wanaume wa inchi 56 ni wengi. Lakini urefu 56, bega 18, mkono 24, huyo sasa ni mtu. Ni mtu wa kimo cha futi tano na inchi tisa hivi, mwenye bega la kupiga kasia. Fundi aliyezoea anaweza kumwona akitembea.

Sanduku la bati lilishushwa. Madaftari yalikuwa na ukungu pembeni lakini yalisomeka. Mwana wa mjomba, aliyesoma shule ya serikali, aliyapekua yote akitafuta 56 na akasema haimo. Mjomba akamwambia akae. Babu aliandika kwa herufi za Kiarabu, na tarakimu zake ni za Kiarabu pia, ambamo tano ni kiduara na sita hufanana na saba ya shule. Kijana alikuwa amezipita 56 nyingi akiziona ni sifuri na saba. Tukakaa watatu. Mjomba alisoma, mimi nilifungua kurasa, kijana alishika tochi ya simu.

Desturi ya babu ilikuwa hii. Kila kazi ilipewa mistari miwili: wa kwanza vipimo, wa pili kitambaa, idadi ya wari na arbuni aliyopokea. Majina aliyaandika mara chache, alitosheka na alama ya mtu: "wa Kau", "mwenye punda", "shemeji wa fulani". Mteja akichukua nguo yake, babu alipiga mstari mmoja wa wino juu ya maandishi yale. Ukilifungua daftari lake leo unaona ukurasa baada ya ukurasa wa mistari, kama shamba lililovunwa. Katika daftari la mwisho, la 1997, mstari ulikosekana sehemu tano. Na sehemu moja iliandikwa: "Wa mashua, Kipini. 56, 18, 24, 44, 16. Poplini nyeupe wari 5. Arbuni 150. Ya Idi."

Idi iliyokusudiwa ilikuwa ile ya mwisho wa Januari 1998. Mteja alileta kitambaa mapema kabla ya mvua kukaza. Mvua ikaja, mto ukafurika, babu akaugua, akafa, na hakuna mashua iliyokwenda wala kurudi kwa siku nyingi.

Mjomba alinyamaza muda mrefu juu ya maneno "poplini nyeupe wari 5". Kisha akasema, "Hiki kitambaa nakijua kilipo."

Siku babu alipofariki, njia ya Garsen ilikuwa imekatika na maduka ya kijijini yalikuwa matupu. Sanda ya mwanamume ni shuka tatu nyeupe. Nyumbani palikuwa na bafta ya kutosha shuka mbili. Ya tatu haikupatikana, na maji yalikuwa yanapanda upande wa makaburi, kwa hiyo hapakuwa na wakati wa kungoja. Wanachuoni wanasema moja yenye kuufunika mwili wote inatosheleza wajibu, lakini mwana wa fundi hakuona vizuri kumpeleka baba yake na pungufu. Aliingia kwenye chumba cha cherehani, akaona kitambaa cheupe kimekunjwa kwenye rafu, akakikata katikati, akazilaza nusu mbili sambamba upana ukapandana kidogo, ikawa shuka. Katika msiba ule hakuwaza ni cha nani. Nyumba ya fundi siku zote ina nguo nyeupe, na yeye alidhani ni akiba ya baba yake.

Sasa ukipiga hesabu unaiona sawasawa. Wari moja ni inchi 36, wari tano ni inchi 180. Ukikunja mara moja na kukata unapata vipande viwili vya inchi 90, na poplini ya zama zile ilikuwa na upana wa inchi 36, kwa hiyo ukivilaza sambamba unapata shuka ya futi saba na nusu kwa karibu futi sita. Ni kipimo cha sanda kamili kwa mzee aliyekonda. Kitambaa hicho hicho, kwa mkasi wa babu, kilikuwa kanzu: badani ya mbele na nyuma inakatwa kwa pamoja bila mshono wa begani, inchi 56 mara mbili, ni 112, na mbili za upindo kila upande, ni 116. Mikono miwili ubavu kwa ubavu inakula inchi 26. Taharizi zinatoka kwenye ukanda unaobaki pembeni mwa badani. Kinachosalia ni inchi 38, wari moja na kidogo, cha kaba, vikwapa, mfuko, na kile kinachopungua poplini ikirowekwa kabla ya kukatwa. Babu hakuwahi kukata kabla ya kuroweka. Ndiyo maana aliomba tano pale ambapo mwingine angeomba nne.

Kwa hiyo babu alizikwa na kanzu ya mtu.

Tulirudi kwa maalim siku ya pili, na mjomba alitarajia kuambiwa baba yake anadaiwa kitambaa na mia na hamsini. Maalim alizitenganisha. Arbuni, alisema, ilipokewa na marehemu mwenyewe kwa kazi ambayo haikufanyika, hiyo ni deni lake. Katika mali ya marehemu hutangulizwa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wagawane. Aya ya 11 ya Sura An-Nisaa imeuweka mgao baada ya wasia na deni. Ninyi mligawana kabla, basi mia na hamsini iko juu yenu warithi. Lakini kitambaa kilikuwa amana mikononi mwa marehemu, na marehemu hakukigusa. Alikufa kikiwa kizima kwenye rafu. Aliyekikata ni mwingine.

Mjomba akasema, "Mimi."

"Ni wewe," maalim alisema kwa upole. "Hukukusudia, na kwa kutokusudia huna dhambi inshallah. Lakini mali ya mtu haifutiki kwa mtu kutokusudia. Utalipa."

Hapa ndipo mjomba alipouelewa ujumbe, na nakumbuka uso wake ulivyobadilika. Kwa miezi yote ile alikuwa akimwonea baba yake huruma. Ipo Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwamba roho ya muumini hutundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe, na mjomba alikuwa analala akiwaza mzee ametundikwa. Aliisikia sauti kama ombi la mhitaji. Kumbe sehemu kubwa ya jambo haikuwa ya mzee. Kama sauti ile ilitoka kwa baba yake kweli, basi baba alikuwa anafanya kazi ya baba: kumwamsha mwanawe alipe deni lake mwenyewe angali hai. Alituambia hivyo njiani, akisimama kila baada ya hatua chache.

Mimi nina wazo langu, na sikumficha. Naona huenda ilikuwa ile namna ya tatu, nafsi ikizungumza na mwenyewe. Mkono wake ndio uliokata, sikio lake ndilo lililosikia vipimo vikitamkwa wiki chache kabla, na mafuriko ya 2018 yaliurudisha mwili wake kwenye siku ile ya 1997. Kumbukumbu inaweza kukaa miaka ishirini chini kama tope, maji yakiingia ikainuka. Mjomba alinisikiliza akasema, "Hata ikiwa hivyo, kanzu si ni ile ile?" Na kweli. Daftari halibadiliki kwa tafsiri ya ndoto.

Kipini tulikwenda kwa mashua. Tuliuliza mtu mrefu mwenye mashua aliyekuwa akija Ozi zama za kabla ya El Nino, mwenye bega pana. Wavuvi wazee walitupa majina mawili. Mmoja tulimkuta hai, mjomba akampima bega kwa macho akatikisa kichwa. Wa pili alikuwa amefariki, ameacha mjane, binti Kipini hapo hapo na mwana wa kiume Mombasa. Mjane alisikiliza kisa chote akiwa ameshika leso usoni. Alipoulizwa kama mumewe aliwahi kulalamika juu ya kanzu, alisema alikuwa akisema mara nyingi kwamba mafuriko yalimla fundi wake na Idi ile alivaa kanzu ya zamani. Alikuwa na picha ya mume wake, na kanzu yake moja aliyoihifadhi. Mjomba aliiomba, akaitandaza mkekani, akaipima. Urefu 56. Bega 18. Mkono 24. Huo ndio ulikuwa ushahidi wetu, na baada ya hapo hakuna aliyezungumza tena habari ya ndoto.

Mjane akasema, "Tumesamehe, baba. Nenda na amani." Mjomba alishukuru lakini hakuondoka, na hapa wengi hukosea. Msamaha wa mrithi mmoja hausamehe fungu la mwenzake. Mali ya marehemu ikishakuwa ya warithi, kila mmoja anamiliki chake, mama hawezi kumsamehea mwana mtu mzima, wala dada kwa kaka.

Tukapiga hesabu. Arbuni ya shilingi 150 inalipwa 150 vile vile, hata kama mwaka 1997 ilinunua vingi zaidi. Deni la fedha hurudi kwa idadi yake. Kitambaa hakirudi kwa bei ya zamani, kinarudi kitambaa mfano wake, au thamani yake ya leo wenyewe wakiridhia. Poplini nzuri tuliiulizia Garsen, shilingi 450 kwa wari, wari tano ni 2,250. Jumla 2,400. Mjane aliye na watoto hupata thumni, yaani 300. Inabaki 2,100, na mwana wa kiume hupata mara mbili ya dada yake: 1,400 kwake, 700 kwa binti. Mjane alisamehe zake 300. Binti alichukua 700 akasema atampa mama. Mwana wa Mombasa alipigiwa simu, akauliza maswali mengi, akasema anataka haki yake, na alitumiwa 1,400 papo hapo. Baadhi ya watu wa Ozi walimlaumu kwa kutosamehe shilingi elfu na kitu. Mimi simlaumu hata kidogo. Kudai haki si ubaya, na mjomba alisema kulipwa kwake ndiko kulikompa yeye raha zaidi kuliko msamaha wa wengine, kwa sababu alijua pale pamekwisha.

Mama yangu, ambaye naye ni mrithi wa babu, alichangia sehemu yake katika ile mia na hamsini. Ni shilingi chache mno, lakini alisisitiza zitoke mkononi mwake.

Jioni ile mjomba alichukua kalamu ya wino akapiga mstari juu ya "Wa mashua, Kipini". Mkono ulitetemeka, mstari ukaenda upande. Watu wameniuliza kama sauti ilikoma. Mjomba alisema baba yake bado humjia usingizini mara moja moja, ila hatamki namba.

Katika sehemu tano zisizo na mstari, moja ndiyo hiyo. Mbili tulizimaliza mwaka uliofuata, wenyewe wakiwa hai, mmoja Witu na mmoja Garsen. Vitambaa vyao vilikuwa vimeharibiwa na maji ya 1997 bila uzembe wa mtu, wakarudishiwa arbuni tu, maana amana ikiharibika bila uzembe wa aliyeishika, hakuna wa kuilipa. Mbili zimebaki. Maalim ameelekeza kwamba tukikata tamaa kabisa ya kuwapata wenyewe, haki zao zitolewe sadaka kwa niaba yao, na wakitokea baadaye wakakataa sadaka ile, walipwe. Hatujakata tamaa. Yanayosomeka ni haya: "Wa Kau, 60, 19, 25, tetroni wari 4, arbuni 200", na "Mpwa wa maalim, 38, 12, 16, bafta wari 3, arbuni 60". Huyo wa pili wakati ule alikuwa mtoto, leo ni mtu mzima. Ikiwa mzee wako alikuwa mtu mrefu wa Kau aliyeshonesha Ozi, au wewe mwenyewe ulipimwa kanzu ukiwa mtoto mwaka 1997 na hukuivaa, fika Ozi uulizie nyumba ya fundi wa kanzu. Daftari lipo, na mtakaopigiwa mstari mpo wawili.